Nimeachwa nyuma Iten na pumzi hainitoshi: nivumilie au nirudi Kisumu?

Mwalimu mpendwa,

Nina umri wa miaka 24, mzaliwa wa Kisumu, na mbio zangu ni kilomita 10 za barabarani. Mama alikopa katika chama chake ili nilipie majuma matatu katika kambi moja huku Iten, kwa sababu baada ya siku 24 kutakuwa na mchujo kule nyumbani Kisumu, na watakaofanya vyema wataajiriwa kama wanariadha.

Nilifika Jumapili jioni. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nilitoka na kundi, na kabla ya kilomita ya tatu nilikuwa nikihema kama mtu aliyekabwa koo. Nyumbani, kilomita moja kwa dakika 5 ndiyo mbio yangu ya kujinyoosha, na mapigo ya moyo huwa 140 kwa dakika. Hapa kasi hiyo hiyo inanipa 163. Asubuhi nikiwa bado kitandani mapigo ni 64, ilhali nyumbani huwa 52. Usiku nimeshtuka mara tatu nikivuta hewa kwa pupa, nikadhani ninakufa. Jumanne nilijilazimisha tena, nikaishia kutembea kilomita nne za mwisho.

Kocha amesema mbele ya wenzangu kwamba watu wa ziwani hawana mapafu ya mbio, na kwamba nisipomaliza fatleki ya kesho Alhamisi, zile mbio za kuongeza na kupunguza kasi, nifungashe virago. Mimi si mgonjwa. Malaria iliyonipata ilikwisha wiki tano zilizopita na dawa nilimaliza. Je, nivumilie hadi mwili uzoee, au nirudi nyumbani kabla pesa za mama hazijapotea bure? Sijui hata nitamwambia nini akipiga simu.

Aliyeachwa Nyuma, Iten

*

Binti yangu,

Kabla sijasema lolote kuhusu mapafu yako, nakuomba upite jikoni mwa kambi umtazame mpishi anavyohangaika na maharagwe. Maji ya Kisumu huchemka yakifika nyuzi joto 96 hivi. Ya Iten hutokota kwenye nyuzi 92, hayapandi zaidi, na kwa hiyo maharagwe hukaa motoni muda mrefu kuliko yale ya mama yako. Kinachoyachelewesha maharagwe ndicho kinachokuchelewesha wewe. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari na Iten iko karibu mita 2,400, hivyo uzito wa hewa inayowakandamiza hapo juu ni mdogo. Wengi husema kwamba hewa ya milimani ina sehemu ndogo zaidi ya oksijeni, na usemi huo unapotosha, maana sehemu ya oksijeni ni ile ile, takriban asilimia 21, ufuoni Mombasa na kileleni Elgon. Kilichopungua ni msukumo wa hewa yenyewe, ule unaoitoa oksijeni mapafuni na kuiingiza katika damu. Ukilinganisha miji hiyo miwili, pumzi moja ya Iten hubeba oksijeni pungufu kwa takriban moja ya saba. Katika kila pumzi saba unazovuta, ni kama moja imekuja tupu.

Mwili hauukubali upungufu huo kimya kimya. Katika mishipa mikubwa ya shingo kuna vihisio vidogo vinavyoonja oksijeni ya damu, na vikiona imepungua huuagiza ubongo uongeze kupumua, hata ukiwa umeketi. Lakini ukipumua kwa wingi hivyo, unatoa pia kaboni dayoksaidi nyingi kuliko kawaida, damu inapoteza uasidi wake kidogo, na sehemu nyingine ya ubongo inayolinda uasidi huo inapiga breki. Mchana mvutano huo hausikiki sana. Usiku ndipo unapojitokeza: unapumua kwa nguvu, kisha kupumua kunafifia na hata kukoma kwa sekunde chache, kisha unashtuka ukivuta hewa kwa pupa. Wageni wengi wa nyanda za juu hupitia hali hiyo katika siku za kwanza, hata walio na afya njema. Breki hulegea kadiri figo zinavyotoa kwenye mkojo chumvi ya aina ya magadi, kazi inayochukua siku kadhaa, na ndiyo maana huenda umeona unakwenda msalani mara nyingi. Usiache kunywa maji kwa kuogopa safari hizo.

Kwa hiyo ninaposoma kwamba unahema, nasoma mwili unaofanya kazi yake. Ninapotofautiana nawe ni pale unapouliza kama uvumilie, kana kwamba ukilazimisha kasi ya dakika 5 utauzoesha mwili upesi. Hebu tuipige hesabu. Kupanda kutoka Kisumu hadi Iten hupunguza uwezo wa juu kabisa wa mwili kutumia oksijeni kwa makadirio ya asilimia 8 hadi 10, ingawa watu hutofautiana sana. Tuseme mbio yako ya kujinyoosha ilikuwa inatumia asilimia 75 ya uwezo huo. Kasi haijabadilika, mahitaji yake ya oksijeni hayajabadilika, lakini dari imeshuka, na sasa mbio ile ile inakula takriban asilimia 82 au 83. Hiyo si mbio ya kujinyoosha tena. Ni mazoezi magumu, nawe uliyafanya asubuhi mbili mfululizo, juu ya vilima, bila kupanga. Mapigo yako ya 163 yalikuwa yanakuambia hivyo hivyo. Sehemu ya ongezeko hilo ni vilima, na sehemu ni kwamba katika siku za kwanza maji ya damu hupungua, kwa hiyo moyo husukuma damu kidogo katika kila pigo na kulazimika kupiga mara nyingi zaidi.

Kauli ya kocha kuhusu watu wa ziwani imekuuma, na naielewa. Sitaki kumhukumu mtu nisiyemjua, lakini ningependa uipime kauli hiyo dhidi ya jambo lililotokea mwaka 1968 katika Michezo ya Olimpiki ya Jiji la Meksiko, ambalo kwa mita zake 2,240 liko chini kidogo kuliko mahali unapolala usiku huu. Naftali Temu, mwana wa Gusii, alishinda dhahabu ya mita 10,000 kwa dakika 29 na sekunde 27.4. Rekodi ya dunia wakati huo ilikuwa dakika 27 na sekunde 39.4, na mwenye rekodi, Ron Clarke wa Australia, alikuwamo katika mbio hizo, akamaliza wa sita na kuanguka akihitaji oksijeni. Mshindi mwenyewe alikuwa nyuma ya rekodi kwa karibu dakika 2. Wenzako wa kambini waliozaliwa na kukulia juu hulipa kodi hiyo pia; wameishi nayo tangu utotoni, nawe umeanza kuilipa Jumapili.

Niliwahi kulipuuza jambo hili mimi mwenyewe. Zamani nikifundisha shule moja ya Nyanza, nilipeleka timu Eldoret tukafika Ijumaa jioni na kukimbia Jumamosi. Kijana wangu wa mita 5,000 nilimwambia ashike kasi yake ya nyumbani. Mizunguko mitano aliipita vizuri, wa sita mabega yakapanda hadi masikioni, wa nane akawa anakimbia kama mtu aliye ndani ya maji hadi kifuani. Siku hiyo hiyo msichana mmoja aliyeogopa mashindano alianza polepole kuliko nilivyomwagiza, nikamkemea kutoka ukingoni, naye akamaliza akiwa anapita watu. Nilimwomba radhi ndani ya gari tukirudi. Huku juu, deni la oksijeni unalolichukua mwanzoni mwa mbio halilipiki mbio zikiwa zinaendelea.

Sasa nije kwenye sentensi uliyoiandika kwa haraka, ile ya malaria. Umeisema ili kuniondoa wasiwasi, na mimi ndiyo iliyonikalisha wima. Vimelea vya malaria huvunja chembe nyekundu za damu, yaani zile zile zinazobeba oksijeni, na dawa huua vimelea bila kurudisha chembe zilizokwisha kuvunjwa. Kuzijenga upya huchukua wiki nyingi, na mwanamke anayekimbia sana na kupata hedhi kila mwezi huenda hana akiba ya chuma ya kuifanyia kazi hiyo. Inawezekana basi kwamba unaibiwa mara mbili, hewa inakuletea oksijeni pungufu na damu ina vibebaji pungufu. Inawezekana pia kwamba damu yako ni sawa kabisa. Kwa kukutazama tu, wewe, mimi na kocha hatuwezi kujua, ila kipimo cha hemoglobini kinajua, na hufanywa hata katika zahanati ndogo zenye maabara. Mwanamke asiye mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu akiwa chini ya gramu 12 kwa desilita, na kwa wanaoishi juu kiwango hicho hupandishwa kidogo. Ukiweza, omba na kipimo cha akiba ya chuma kinachoitwa feritini, kwa kuwa akiba inaweza kuwa imekauka huku hemoglobini bado ikionekana nzuri. Usianze vidonge vya chuma bila majibu hayo. Na chai ya maziwa ya kambini, hata kama ni tamu, ingoje saa moja baada ya chakula, maana chai huzuia chuma cha mboga na maharagwe kuingia mwilini.

Kuhusu kubaki, njia ya kwanza ni kuyahesabu majuma yako matatu upya. Siku hizi za mwanzo mwili haujaongeza chembe nyekundu za maana. Homoni inayoamuru zitengenezwe hupanda ndani ya siku moja au mbili, lakini chembe zenyewe huongezeka kwa majuma. Faida unayoweza kuipata mapema ni ya kupumua, nayo haihitaji kasi yoyote. Kama ningekuwa ninakupangia, kesho ningekupa matembezi tu. Ijumaa na Jumamosi, dakika 30 hadi 40 mahali palipo tambarare kadiri utakavyopata, ukikimbia kwa pumzi inayokuruhusu kusema sentensi nzima bila kuikata katikati. Saa inaweza kukuonyesha dakika 5 na sekunde 40 kwa kilomita, hata dakika 6, na kwenye kilima unaweza kulazimika kutembea. Iache ionyeshe. Tumia mapigo kama kizuizi: yakizidi 145 hivi, punguza. Jumapili pumzika.

Wiki ya pili unaweza kufikia dakika 50 au 60, na mwishoni mwa mbio kuongeza michomoko 6 ya sekunde 15, ambayo huiweka miguu katika kasi bila kudai oksijeni nyingi, kwa kuwa inakwisha kabla deni halijakua. Kazi ngumu ya kwanza ningeisubirisha hadi siku ya tisa au ya kumi. Tuseme nyumbani ulizoea mita 1,000 mara 6, kila moja kwa dakika 3 na sekunde 45, ukipumzika dakika 2. Kosa la kawaida hapo Iten ni kubeba zoezi hilo lilivyo na kulisukuma hadi livunjike katika mzunguko wa tatu. Ningelikata liwe mita 400 mara 8, kila moja kwa sekunde 92 au 93, yaani karibu na mwendo wako wa nyumbani, na mapumziko yasiwe ya saa bali ya pumzi: huanzi tena mpaka uweze kupumua kwa pua. Mwendo wa mbio unahifadhiwa, umbali wa kila kipande unapungua, mapumziko yanarefuka.

Utajuaje kama inakwenda? Hesabu mapigo kila asubuhi kabla ya kuinuka. Ile 64 ikishuka taratibu kuelekea 57 au 56 kufikia siku ya nane hivi, na ukiwa unalala bila kushtuka, mwili unakuja. Ikibaki hapo hapo au ikapanda, na miguu ikawa mizito hata kwenye mbio ya polepole, siku ngumu isogezwe mbele, hata kama kundi zima linatoka.

Hatari ya njia hii ni kundi lenyewe. Fatleki ya Alhamisi huanza kwa utani na kumalizika kwa vita, na mtu aliyeapa kwenda polepole husahau kiapo akiona mgongo wa mwenzake. Unaweza kumwomba kocha, mkiwa wawili na si mbele ya watu, akuruhusu utoke nusu saa kabla ya kundi au ukimbie na wanaoanza, ukimwonyesha namba zako za 140 na 163. Makocha wengi wakali hulegea mbele ya namba. Asipolegea, umejifunza jambo kuhusu kambi hiyo ambalo halihusiani na mapafu yako.

Njia ya pili ni kubaki kwa sehemu tu. Benjamin Levine na James Stray-Gundersen walichapisha mwaka 1997 utafiti wa wakimbiaji walioishi kwenye mita 2,500 huku wakishuka kufanya mazoezi kwenye mita 1,250, na hao ndio waliopata nafuu ya mbio za mita 5,000 kuliko waliofanya kila kitu juu au kila kitu chini. Utaona kwamba mita 1,250 ni karibu sawa na nyumbani kwenu, na kwamba Bonde la Kerio liko hapo chini ya ukingo unaouona kutoka Iten. Wakimbiaji wengine hushuka huko kwa kazi ya kasi. Lakini kuna joto, kuna nauli, na kuna mlima wa kupanda ukirudi, nawe mfukoni una pesa za chama. Labda mara moja kwa juma, labda isiwezekane kabisa.

Njia ya tatu ni kurudi nyumbani sasa, na wala si aibu. Kama damu itaonekana pungufu, wiki tatu za kula, kulala na kukimbia vizuri Kisumu zinaweza kukufikisha kwenye mchujo ukiwa mzima kuliko wiki tatu za kujivuta huku juu. Utakachopoteza ni ada ambayo huenda isirudishwe, na nafasi ya kuona mwili wako unavyoitikia, jambo litakalokufaa siku nyingine. Ukibaki hadi mwisho, kumbuka pia kwamba mchujo uko Kisumu: wapo wanaokimbia vizuri siku moja au mbili baada ya kushuka, na wapo wanaohitaji wiki mbili au tatu, na joto la ziwani litakuwa geni kwako tena. Siku zako 24 zinaruhusu la kwanza kwa urahisi kuliko la pili.

Kuna mambo machache ambayo hayangoji kuchagua njia. Homa ikikupata, hata ya jioni moja, pima malaria, usiseme ni baridi ya Iten. Kichwa kikiuma pamoja na kichefuchefu na kizunguzungu, acha kukimbia siku hiyo, na kisipotulia shuka Eldoret au chini zaidi. Ukikosa pumzi ukiwa umelala tu, ukayumba kama mlevi au ukakohoa makohozi yenye povu la waridi, nenda hospitali wakati huo huo. Ni nadra kwa urefu huo, lakini haisubiri asubuhi. Tena, kwa kuwa unatoka upande wa ziwa ambako wengi hubeba nusu ya urithi wa ugonjwa wa damu wa selimundu bila kujua, mwombe mtu wa maabara akupime na hilo. Mbebaji kwa kawaida huishi vizuri na hata kukimbia vizuri, ila mazoezi makali katika hewa hafifu yanaweza kumdhuru, na maumivu makali chini ya mbavu za kushoto yakija wakati wa mbio, simama na utafute daktari.

Mama akipiga simu, sidhani kama anataka kusikia kwamba umeshinda kilima. Unaweza kumwambia kwamba mapigo ya asubuhi ni 64, kwamba unakwenda kupima damu Ijumaa, na kwamba baada ya majibu utajua kama pesa zake zifanye kazi Iten au Kisumu. Yeye ndiye aliyekuuguza ile malaria. Huenda akawa wa kwanza kukumbuka jinsi ulivyokuwa ukipanda ngazi. Ukipata karatasi ya maabara, niandikie hemoglobini iliyoandikwa hapo pamoja na mapigo yako ya asubuhi nne zitakazofuata, tuyaangalie pamoja.

Wako,
Mwalimu